Frank-Wolfe inapoanza kutambaa: kona ya mwanzo isiyotoka

*"Mwalimu, nimeandika mbinu ya Frank-Wolfe kwa tatizo langu lenye vikwazo vya mstari. Mizunguko kumi ya kwanza gharama inashuka vizuri, halafu inaanza kutambaa. Baada ya mizunguko elfu tano bado sijafikia usahihi ninaoutaka, na solva haitoi onyo lolote. Je, nimekosea kwenye programu, au mbinu yenyewe ndivyo ilivyo?"*

Dalili hizo nazijua, ndugu yangu, na mara nyingi programu huwa haina kosa. Lakini kabla hujailaumu mbinu, chapisha namba moja zaidi katika kila mzunguko.

Uko kwenye nukta x, na gradienti hapo ni g. Solva inakuletea kona s ya politopu yako, yaani umbo linalozungushiwa na vikwazo vyako, ile ambayo zao g·s ni dogo kuliko kwenye kona nyingine zote, kisha mbinu inaisogeza x kuelekea s. Ukishakuwa na vitu hivyo vitatu, kupata g·(x − s) ni kazi ya mstari mmoja. Namba hiyo ndiyo pengo, na ni zawadi kubwa ambayo wengi huiacha mezani. Kama gharama yako ina umbo la bakuli, bapa linaloigusa pale x hubaki chini yake kila mahali. Kwa sababu hiyo, tofauti kati ya gharama uliyo nayo sasa na gharama ya chini kabisa haiwezi kuzidi pengo. Hujui jibu liko wapi, lakini tayari unajua hujaliacha kwa zaidi ya kiasi gani. Acha kabisa kusimamisha programu kwa kuangalia kama gharama "imeacha kubadilika". Mbinu hii inaweza kusogea kidogo sana huku jibu likiwa bado mbali.

Pengo halipaswi kuwa hasi. Likiwa hasi kwa kiasi kinachozidi makosa ya kukadiria desimali, basi kweli kuna hitilafu: alama ya g unayoipa solva si ile unayoitumia kwenye pengo, au x imetoka nje ya politopu, au solva inaona politopu tofauti na yako. Hili la mwisho huwapata wengi wanaotumia `linprog` ya SciPy. Usipotaja `bounds`, inachukulia kwamba kila kigeu ni sifuri au zaidi. Vikwazo vyako vikiruhusu namba hasi, sehemu ya umbo lako imekatwa kimyakimya, na hakuna onyo litakalotokea. Andika hivi:

```python
r = linprog(g, A_ub=A, b_ub=b, bounds=(None, None), method="highs-ds")
s = r.x
pengo = g @ (x - s)
```

Ukiona pengo ni chanya na linapungua, ila polepole mno, hapo tunaweza kuizungumzia mbinu yenyewe. Tuifanye kwa mkono kwenye pembetatu, kwa sababu ugonjwa wote unaonekana humo.

Kona ni A = (−1, 0), B = (1, 0) na C = (0, 1). Gharama ni nusu ya mraba wa umbali kutoka asili, yaani f = ½(x² + y²). Jibu ni (0, 0), katikati ya ukingo AB, na gharama yake ni sifuri. Uzuri wa mfano huu ni kwamba gradienti ni nukta yenyewe, kwa hiyo hesabu zake zinafanyika hata pembeni mwa karatasi. Urefu wa kila hatua tutauchagua kuwa ule unaoshusha gharama zaidi ya wowote kwenye mstari tunaoufuata.

Tunaanza kwenye C. Gradienti ni (0, 1), na kona A na B zinalingana, kwa hiyo tuchukue B. Hatua bora ni nusu ya njia, tunatua kwenye (0.5, 0.5), gharama 0.25. Sasa gradienti ni (0.5, 0.5). Kona A inatoa −0.5, na nyingine mbili zinatoa 0.5 kila moja, kwa hiyo tunaelekea A. Pengo ni 1, hatua bora ni 0.4, na tunafika (−0.1, 0.3), gharama 0.05. Hadi hapa mambo ni mazuri: hatua mbili zimeshusha gharama kutoka 0.5 hadi 0.05.

Endelea. Kutoka (−0.1, 0.3) kona bora ni B, pengo ni 0.2, hatua ni kama 0.154, na tunatua karibu na (0.069, 0.254). Gharama ni 0.0346. Zamu ya A: (−0.053, 0.225), gharama 0.0267. Zamu ya B tena: (0.044, 0.204), gharama 0.0218. Unaona kinachotokea? Namba ya kwanza inaruka kulia na kushoto kwa sifuri. Ya pili, ambayo ndiyo inayotuzuia kufika, inashuka kwa kunyata: 0.3, 0.254, 0.225, 0.204.

Sababu haiko kwenye gradienti. Kila nukta ndani ya pembetatu ni mchanganyiko wa kona tatu, kila kona na uzani wake, na uzani wote ukijumlishwa ni 1. Katika umbo hili y ni uzani wa C, si zaidi. Tulianzia C, na jibu halihitaji C hata kidogo. Lakini hatua ya Frank-Wolfe ina tendo moja tu: kuongeza uzani wa kona mpya na kupunguza nyingine zote kwa uwiano uleule. Hatua ikiwa 0.09, uzani wa C unazidishwa kwa 0.91. Hauondolewi, unazimuliwa tu. Ili kuufuta kabisa ungehitaji hatua yenye urefu wa 1, yaani kurukia kona nyingine moja kwa moja na kupoteza kila ulichokwisha kupata.

Na kadiri unavyokaribia, ndivyo hatua zinavyozidi kufupika. Ukifuata hesabu ya pembetatu yetu, namba ya kwanza hutulia kwenye ukubwa wa takriban y², na hatua huwa takriban 2y². Kwa hiyo kila mzunguko y inapoteza takriban 2y³. Ukiendeleza hilo, y inashuka kama 1/(2√t) na gharama kama 1/(8t), t ikiwa idadi ya mizunguko. Kufikia gharama ya 0.0001 kunataka mizunguko kama 1,250. Kufikia 0.000001 kunataka kama 125,000. Haya ni kwa pembetatu, umbo ambalo mtoto analichora kwa fimbo mchangani.

Kwa hiyo hapa kuna kipimo cha kutofautisha ugonjwa huu na hitilafu: chapisha t mara pengo. Kwenye pembetatu, katika mizunguko tuliyofanya, zao hilo liko kama 0.42, na linapanda taratibu kuelekea 0.5. Kwako namba itakuwa nyingine, lakini ikitulia kwenye kiasi fulani kwa mamia ya mizunguko, huku kona zinazorudishwa na solva zikiwa zilezile chache zinazopokezana, basi hiyo ni zigizaga na programu yako inafanya kile ilichoagizwa.

Mtu atakushauri ubadilishe urefu wa hatua, kwa mfano kutumia 2/(t + 2), au kuutafuta kwa uangalifu zaidi. Usipoteze wiki huko. Marguerite Frank na Philip Wolfe walipoitoa mbinu hii mwaka 1956, kasi ya 1/t ndiyo waliyoionyesha. Mwaka 1968 Canon na Cullum wakaonyesha kwamba, jibu likiwa ndani ya uso wa politopu kama hapa, mbinu ya kawaida yenye hatua bora haiwezi kwa ujumla kufanya vizuri kuliko hapo kwa kiasi cha maana. Mahali pa jibu ndipo panapoamua. Jibu likiwa ndani kabisa ya politopu, mbali na kuta, na bakuli likiwa na mkunjo wa kutosha kila upande, mbinu ileile ya kawaida hukimbia. Likiwa kwenye kona moja iliyo bora waziwazi, nako hakuna shida. Mateso yako hapa katikati, kwenye ukingo au uso, na kwa bahati mbaya matatizo mengi ya kazi halisi hukaa hapo hapo.

Dawa aliipendekeza Wolfe mwenyewe mwaka 1970, na ni rahisi ukishaona tatizo ni kona isiyotoka: iruhusu mbinu kuipunguza kona mbaya moja kwa moja. Mimi huita hatua ya kujitenga. Unatunza orodha ya kona zinazounda x pamoja na uzani wa kila moja. Katika kila mzunguko unauliza maswali mawili. La kwanza ni lile la zamani, kona gani ya politopu nzima ina g·s ndogo kuliko zote. La pili linahusu kona zilizo kwenye orodha yako tu: ipi ina g·v kubwa kuliko zote? Hilo halihitaji solva, ni kupitia orodha. Kisha unalinganisha g·(x − s) na g·(v − x), na unafuata upande wenye namba kubwa: kuelekea s, au kuikimbia v kwenye mwelekeo x − v.

Kuikimbia v kuna kikomo. Uzani wake ukiwa w, huwezi kwenda mbali kuliko w/(1 − w), kwa sababu hapo uzani unafika sifuri na zaidi ya hapo unatoka nje ya politopu. Ukigonga kikomo, v inafutwa kwenye orodha, na hicho ndicho tulichokuwa tunakikosa.

Turudi (−0.1, 0.3). Uzani ni 0.4 kwa A, 0.3 kwa B na 0.3 kwa C. Kuelekea B kunatoa 0.2. Kuikimbia C kunatoa 0.3 − 0.1, yaani 0.2 pia. Zimelingana, na zikilingana mimi huchagua kujitenga. Mwelekeo ni (−0.1, −0.7), hatua bora ni 0.4, kikomo ni kama 0.429, kwa hiyo hatujakigonga. Tunatua (−0.14, 0.02), gharama 0.01. Sasa uzani wa C umebaki 0.02 tu, na kuelekea B kunatoa 0.16 dhidi ya 0.12 ya kuikimbia A. Tunaelekea B: hatua ni kama 0.123, tunafika karibu na (0.0003, 0.0175), gharama 0.00015. Mzunguko unaofuata unaikimbia C tena, na gharama inaanguka hadi kama 0.00000005.

Hatua tatu. Kutoka nukta ileile, mbinu ya kawaida ilikuwa imefika 0.0218 kwa hatua tatu, na kwa kadirio letu la 1/(8t) ingehitaji mizunguko milioni mbili na nusu kufika hapo. Usinichukulie kwa neno langu, endesha mwenyewe:

```python
import numpy as np
V = np.array([[-1., 0.], [1., 0.], [0., 1.]])
w = np.array([0.4, 0.3, 0.3])
for t in range(3):
    x = w @ V
    g = x
    c = V @ g
    s = c.argmin()
    v = np.where(w > 0, c, -np.inf).argmax()
    if g @ x - c[s] > c[v] - g @ x + 1e-12:
        d, kikomo = V[s] - x, 1.0
        e = -w
        e[s] += 1
    else:
        d, kikomo = x - V[v], w[v] / (1 - w[v])
        e = w.copy()
        e[v] -= 1
    h = min(kikomo, -(g @ d) / (d @ d))
    w = w + h * e
    print(t, 0.5 * (w @ V) @ (w @ V))
```

Hapa kona zote ziko kwenye `V` kwa sababu ni tatu tu. Kwako `argmin` ya kwanza ndiyo kazi ya solva, na `V` inakuwa orodha inayoongezeka na kupungua. Mstari wa `h` unafaa gharama hii pekee. Kwa gharama nyingine weka utafutaji wako wa urefu wa hatua, ila usiondoe kikomo.

Sasa nikuonye kuhusu jambo ambalo liliwahi kunila siku mbili nzima. Niliweka hatua za kujitenga, nikazijaribu kwenye mifano midogo, zikawa safi. Nikapeleka kwenye tatizo kubwa, zigizaga ikarudi kana kwamba sijafanya kitu, na orodha ya kona ikawa inaongezeka kila mzunguko bila kufuta hata moja. Nilikagua gradienti mara tatu. Kosa lilikuwa kwa solva. Nilikuwa nimeitumia mbinu ya kupita ndani ya politopu na kuzima hatua yake ya mwisho ya kusogea hadi kwenye kona, ili kuokoa muda. Pale ambapo kona kadhaa zinalingana, mbinu hiyo hairudishi kona. Inarudisha nukta iliyo katikati ya uso mzima unaozibeba. Kwa Frank-Wolfe ya kawaida hilo halidhuru. Kwa hatua za kujitenga ni sumu, kwa sababu orodha yako inajaa nukta za katikati ambazo kila moja ni mpya, na hakuna unachoweza kukifuta kikaisha.

Kwa hiyo tumia simpleksi, au hakikisha solva inamalizia kwenye kona. Simpleksi ina faida nyingine hapa. Kati ya mzunguko mmoja na unaofuata vikwazo havibadiliki, kinachobadilika ni g pekee. Kona uliyopata mzunguko uliopita bado iko ndani ya vikwazo, na simpleksi ya msingi inaweza kuanzia hapo hapo badala ya kuanza upya. Kadiri gradienti inavyotulia, mara nyingi hubaki kazi ya kubadilisha vigeu vichache tu. `linprog` haikupi nafasi hiyo, inajenga tatizo upya kila unapoiita, kwa hiyo kama muda wako mwingi unaishia humo, zungumza na solva moja kwa moja kupitia maktaba yake na ubadilishe mstari wa gharama tu.

Kulinganisha kona nako kunataka uangalifu. Kona ileile ikirudi ikiwa na tofauti ya desimali kwenye tarakimu ya kumi na tatu, usawa wa kawaida utaiona kuwa mpya, na uzani wa kona moja utagawanyika kwenye nakala mbili au tatu. Linganisha kwa uvumilivu, tuseme 1e-9 ya ukubwa wa namba zako, au kama kona zako ni za 0 na 1, zikadirie kwanza kuwa namba kamili. Kila baada ya mizunguko mia kadhaa, futa kona zenye uzani chini ya 1e-12, gawanya uzani uliobaki kwa jumla yake, kisha ujenge x upya kutoka kwenye orodha.

Ukiamua kumsimamisha solva kabla hajamaliza ili kuokoa muda, pengo ulilolitegemea linapoteza dhamana yake, kwa sababu s si bora kabisa na g·(x − s) inakuwa ndogo kuliko inavyopaswa. Solva nyingi zinakupa pia mpaka wa chini wa g·s kutoka upande wa pili wa tatizo. Tumia mpaka huo mahali pa g·s unapokagua kusimama, na dhamana inarudi.

Kuhusu kasi utakayoipata: Guélat na Marcotte walionyesha mwaka 1986, kwa masharti fulani, kwamba hatua za kujitenga hufikia kasi ambayo kila mzunguko wenye tija unapunguza kosa kwa sehemu isiyobadilika. Mwaka 2015 Lacoste-Julien na Jaggi waliondoa masharti mengi ya hayo, kwa politopu yoyote na bakuli lenye mkunjo thabiti. Ila ile sehemu isiyobadilika inategemea jinsi politopu ilivyo nyembamba. Kwenye umbo la vigeu vingi lenye kona kali inaweza kuwa ndogo kiasi kwamba hutauona mwelekeo wake kwa muda mrefu. Orodha ya kona nayo ina gharama yake: jibu likihitaji kona elfu kumi, kila moja ikiwa na vigeu laki moja, na kila namba ikichukua baiti nane, hizo ni gigabaiti nane za kumbukumbu kabla hujafanya hesabu yoyote. Kama kona zako zina sifuri nyingi, zihifadhi kwa kuandika zisizo sifuri tu.

Na kama usahihi unaouhitaji ni wa asilimia moja, si wa tarakimu nane, angalia pengo lako kabla ya yote haya. Inawezekana kabisa ulifika kwenye mzunguko wa mia mbili, na hizo elfu nne na mia nane nyingine programu ilikuwa ikisubiri gharama iache kusogea.